Nguzo ya mita 4, mzigo umehama milimita 10: Euler, hesabu ya mkato, au sekanti?

Mwenye godauni moja la Vingunguti, Dar es Salaam, alitaka kuongeza dari la chuma ndani ya jengo lake, apange maboksi ya vigae juu na chini. Nguzo ni za mita 4, na kila moja inabeba kilonyutoni 100, karibu tani 10. Fundi alikuwa ameshachagua chuma: bomba la mraba la milimita 100 kwa 100, unene wa 4, lile ambalo Gerezani ukisema "skwea paipu ya mia kwa mia" unaletewa bila maswali. Nilipoletewa karatasi za hesabu zilikuwa mbili, kutoka kwa watu wawili waliotumia njia mbili tofauti, na zote zilimaliza karibu pale pale: nguzo inaruhusiwa kubeba kilonyutoni 145. Bosi akauliza swali ambalo yeyote angeuliza: kwa kuwa hesabu mbili zimekubaliana, si aongeze vigae mpaka 140?

Jibu lilikuwa hapana. Hata ile 100 ya mwanzo ilikuwa imezidi kidogo. Hapa naziweka njia hizo mbili kando ya ya tatu, fomula ya sekanti, ili uone kila moja inasema kweli wapi na inapotosha wapi.

Kwanza nguzo yenyewe. Nachukulia pembe za bomba ni kali ili uweze kurudia hesabu mwenyewe. Eneo la chuma, A, ni milimita mraba 1,536. Momenti ya inesha, I, ni 2,363,000 kwa milimita za nguvu ya nne. Ukigawa I kwa A unapata r², ambayo ni 1,539, kwa hiyo r ni milimita 39.2. Umbali wa kutoka katikati hadi ukingoni, c, ni 50. E ya chuma, kipimo cha ugumu wake wa kunyumbuka, ni megapaskali 200,000, na chuma kinaanza kulegea mkazo ukifika megapaskali 250. Ncha zote mbili nazihesabu kama bawaba: zinashikwa zisihame pembeni lakini haziwekewi ugumu wa kuzuia kugeuka. Kwenye mchoro dari lilikuwa limefungwa kwenye kuta pande mbili, kwa hiyo halichezi.

Sasa ile milimita 10. Fundi huyu alikuwa na kazi nyingine iliyokwisha, nikaenda na timazi na futikamba. Mabamba ya juu na ya chini yalikuwa yamefungwa sawasawa kwenye mstari wa maboriti, lakini bomba lilikuwa limechomelewa kando ya kitovu cha bamba, kati ya milimita 6 na 10, juu na chini upande ule ule. Hilo ni jambo la kawaida. Bomba likishikwa kwa nukta mbili za kuchomelea huvutwa na joto la mshono wa kwanza, na kama fundi hapimi tena kabla ya kumalizia, limehama. Na hii ndiyo hali hasa ambayo fomula ya sekanti ilitengenezewa: mzigo unashuka wima, sambamba na nguzo, ukiwa umehama umbali e kutoka kitovu kwenye ncha zote mbili, upande mmoja.

Mtu wa kwanza alitumia fomula ya Euler, ya mwaka 1744. Hiyo inauliza swali moja tu: nguzo iliyonyooka kabisa, yenye mzigo katikati kabisa, itapinda ghafla kwa mzigo gani? Kwa nguzo yetu jibu ni kilonyutoni 292. Akagawa kwa namba ya usalama ya 2, akapata 146. Katika hesabu hii e haimo kabisa. Hata ukimwambia mzigo umehama milimita 30, jibu litabaki lile lile.

Mtu wa pili aliikumbuka e. Alichukua mkazo wa moja kwa moja, yaani mzigo P kugawa kwa A, akajumlisha mkazo wa kupinda unaoletwa na P mara e. Hii ndiyo naiita hesabu ya mkato. Kwake kitu muhimu ni namba ec/r², ambayo hapa ni 10 mara 50 kugawa kwa 1,539, yaani 0.325. Mkazo wa juu ni P/A mara 1.325, na utafika 250 mzigo ukiwa kilonyutoni 290. Gawa kwa 2, unapata 145.

Kilichopita kimya ni kwamba P mara e si mpindo wote. Nguzo ikianza kupinda, katikati yake inakimbia mbali na mstari wa mzigo, kwa hiyo mkono wa mzigo pale katikati unakuwa mrefu kuliko e. Mkono ukirefuka, mpindo unaongezeka, na mpindo ukiongezeka mkono unarefuka zaidi. Euler aliacha e, hesabu ya mkato iliacha kurefuka kwa mkono. Makosa mawili tofauti, na kwa bahati mbaya urefu wa mita 4 ndio unaoyafanya yatoe namba moja. Mashahidi wawili wakikubaliana hakimu hulegea, hata kama kila mmoja aliangalia upande wake.

Sekanti inavichukua vyote viwili:

```
σmax = (P/A) · [ 1 + (e·c/r²) · sec( (π/2)·√(P/Pcr) ) ]
```

σmax ni mkazo wa juu kabisa, na Pcr ni ile 292 ya Euler. Sekanti ni 1 kugawa kwa kosaini, na ndiyo inayobeba kurefuka kwa mkono. Mzigo ukiwa mdogo sana inakaribia 1, na fomula nzima inageuka kuwa ile ya mkato. Mzigo ukikaribia Pcr inakimbilia kusikokuwa na mwisho, na Euler anatokea tena. Kwa hiyo njia mbili za kwanza ni ncha mbili za fomula hii moja.

Shida ni kwamba P iko nje na iko pia ndani ya mzizi, kwa hiyo huwezi kuitoa kwa mkono. Unakisia. Nilianza na 180: P/A ni 117.2, kilichomo ndani ya sekanti ni rediani 1.234, sekanti yake ni 3.03, mkazo ukatoka megapaskali 232. Bado chini. Nikajaribu 190, ikatoka 258, imepita. Nikajaribu 187, ikatoka 250. Makisio matatu, kazi imekwisha. Kwenye Excel ni mstari mmoja, ukiweka P kwenye B1, A kwenye B2, ec/r² kwenye B3 na Pcr kwenye B4, P zote zikiwa kwa nyutoni:

```
=B1/B2*(1+B3/COS(PI()/2*SQRT(B1/B4)))
```

Anayetumia kikokotoo cha mkononi aangalie kitu kimoja. Kikiwa kwenye digrii badala ya rediani, kosaini ya 1.26 inatoka karibu 1, na sekanti nayo karibu 1. Hakuna kitakachokuonya. Utapata jibu la hesabu ya mkato kwa tarakimu zote huku ukiamini umetumia sekanti. Dalili ni hiyo: kama mzigo wako ni zaidi ya nusu ya Pcr na sekanti haijafika hata 2, rudi uangalie kikokotoo.

Kwa hiyo chuma kinaanza kulegea kwenye 187, si 290. Nilirudia kwa urefu mwingine, bomba lile lile na e ile ile ya milimita 10, ili nione njia hizi zinaachana wapi. Namba zote ni kilonyutoni, kabla ya kugawa kwa usalama:

| Urefu | Euler | Mkato | Sekanti |
|---|---|---|---|
| Mita 2 | 1,166 | 290 | 266 |
| Mita 4 | 292 | 290 | 187 |
| Mita 7 | 95 | 290 | 84 |

Ya mita 2 ni fupi, na hesabu ya mkato inakosea kwa karibu asilimia 9 tu. Euler hapo ni kichekesho, maana 1,166 ni mzigo ambao ungezidi ukomo wa mkazo wa chuma mara tatu kabla nguzo haijapinda. Ya mita 7 ni ndefu na nyembamba, Euler yuko karibu, amezidisha kwa asilimia 13, na ya mkato ndiyo imepotea njia. Katikati, urefu kugawa kwa r ukiwa karibu 100, ndiko zote mbili zinakosea zaidi ya nusu nzima ya jibu. Nguzo nyingi za mabanda, magodauni na madari ya vyuma tunazoziona mjini zinaangukia hapo hapo, kwa sababu mita 3 na nusu hadi 5 ndizo zinazotakiwa na bomba la mia ndilo linalopatikana. Basi chaguo la fomula kwangu ni rahisi: nguzo fupi, mkato unatosha kwa makisio ya haraka, nguzo ndefu sana, Euler atakuonyesha ukubwa wa jibu, hii ya katikati usiiguse bila sekanti.

Nilidhani hapo bosi ameridhika, lakini alikuwa makini kuliko nilivyotegemea. Akauliza mkazo ni kiasi gani nikiweka ile 100 tuliyopanga. Nikahesabu, ikatoka megapaskali 100 kamili. "Sasa injinia," akasema, "chuma kinavumilia 250 na mimi natumia 100. Si nina usalama wa mbili na nusu?"

Hili ndilo kosa ninaloliona hata kwa watu waliosoma. Kwenye boriti ya kawaida, ukizidisha mzigo mara mbili mkazo nao unazidi mara mbili, kwa hiyo ni sawa ukigawa mkazo au ukigawa mzigo. Kwenye nguzo yenye e, mkazo unapanda haraka kuliko mzigo. Kutoka 100 kwenda 140 mzigo umeongezeka asilimia 40, lakini mkazo umetoka 100 kwenda 155. Kufikia 187 umeshakuwa 250. Usalama wake halisi ni 187 kugawa kwa 100, yaani 1.87, chini ya ile 2 tuliyokubaliana.

Tofauti inaonekana zaidi ukitafuta mzigo unaoruhusiwa kwa njia zote mbili. Ukigawa mkazo kwanza, ukaweka 125 kwenye fomula, unapata kilonyutoni 119.5. Jaribu sasa kuuzidisha mara mbili: 239, wakati chuma kimelegea tangu 187. Ulichoita 2 ni 1.56. Njia sahihi ni kutafuta kwanza mzigo unaofikisha 250, ndipo ugawe mzigo huo: 187 kwa 2, mzigo unaoruhusiwa ni kilonyutoni 93. Namba ya usalama inawekwa kwenye mzigo, haiwekwi kwenye mkazo.

Tukawa na pungufu ya kilonyutoni 7, na njia tatu za kuiziba. Ya kwanza ni kubaki na bomba lile lile na kubana e. Ikishuka hadi milimita 5, mzigo wa kulegea unapanda kutoka 187 hadi 217, unaoruhusiwa ni 109, na hujaongeza hata kilo moja ya chuma. Ya pili ni kuongeza unene, mia kwa mia unene wa 5. Ya tatu ni kupanua umbo na kupunguza unene, 120 kwa 120 unene wa 3. Wengi hukimbilia ya pili, kwa sababu chuma kinene kinatia moyo ukikigonga.

Badala ya kulinganisha mizigo niliigeuza fomula. Tunaujua mzigo tunaoutaka kwenye ukomo, 100 mara 2, yaani 200. Tukiujua P, sekanti inajulikana, na e inatoka moja kwa moja bila kukisia chochote. Swali linakuwa: kila bomba linamruhusu fundi akosee milimita ngapi?

Bomba la mia unene wa 4, lenye kilo 12 hivi kwa mita, linaruhusu milimita 7.5. Lile la unene wa 5 lina kilo 15 kwa mita na linaruhusu 15.7. La 120 unene wa 3 lina kilo 11 tu, jepesi kuliko yote, nalo linaruhusu 12.6. Chuma chake kimekaa mbali na katikati, r yake ni 47.8, na Euler wake ni 395. Kwa nguzo za urefu wa katikati, chuma kilichosogezwa nje kinafanya kazi kuliko chuma kilichorundikwa. Bomba la duara la inchi 4, lenye ukuta wa milimita 4.5, nililijaribu pia kwa kuwa fundi alikuwa nalo uani. Uzito wake ni karibu sawa na lile la mia unene wa 4, na mzigo unaoruhusiwa ni 90 badala ya 93, kwa sababu ukingo wake uko mbali kidogo na kitovu, milimita 57. Tofauti hiyo haistahili ugomvi. Ila kuliunganisha bamba kwenye duara ni kazi zaidi.

Unene wa 3 una ubaya wake. Kutu ikila nusu milimita umepoteza sehemu moja ya sita ya chuma, wakati kwenye unene wa 5 umepoteza sehemu moja ya kumi, na hewa ya chumvi ya mji huu tunaijua. Mkokoteni wa mizigo ukiligonga bomba jembamba unabaki mbonyeo, na mbonyeo ni e nyingine ambayo hukuihesabu. Ndani ya godauni kavu, nguzo zikiwa mbali na njia ya mikokoteni, nachukua 120 unene wa 3. Nje, au karibu na bahari, ningelipia zile kilo 4 za ziada kwa mita nikae na unene wa 5.

Njia ya kwanza, ya kubana e, niliikataa ikiwa peke yake. Milimita 7.5 inaonekana nyingi mpaka ukumbuke kwamba bomba lenyewe haliji limenyooka kabisa kutoka kiwandani, na upindaji wake wa asili unakula kutoka kwenye hizo hizo milimita. Tena hasara kubwa iko mwanzoni: kutoka e ya sifuri hadi milimita 5 nguzo inapoteza kilonyutoni 74, kutoka 5 hadi 10 inapoteza 30 nyingine. Hakuna fundi wa kukuahidi sifuri, na ukipanga kazi kwa kutegemea milimita mbili au tatu za mwisho, unajenga juu ya mkono wa mtu.

Kuna mambo ambayo fomula hii haiyajui. Haijui mikazo iliyobaki ndani ya bomba lililokunjwa baridi na kuchomelewa, ndiyo maana vitabu vya viwango kama Eurocode 3, na BS 5950 kabla yake, vina grafu zao za nguzo, na kazi ya kuidhinishwa lazima ipite huko. Kwa upande mwingine, inasimama pale ukingo wa kwanza unapolegea, si pale nguzo inapoanguka, kwa hiyo kuna akiba kidogo mbele yake. Pembe za bomba halisi zimeviringwa na eneo linapungua kwa asilimia 3 hivi, nami hapa nimezichukua kali. Na ncha zikiweza kuhama pembeni, yaani dari lisipofungwa kwenye kuta wala kuwekewa vyuma vya mshazari, yote haya yanavunjika: nguzo iliyoshikwa chini tu na kuachwa huru juu inahesabiwa kwa urefu maradufu, Euler ya lile bomba la mia inashuka kutoka 292 hadi 73, chini hata ya mzigo wenyewe.

Kwenye mchoro uliorudi kwa fundi hakukuwa na sekanti. Palikuwa na bomba la 120 unene wa 3, vyuma vya mshazari pande mbili, na maneno haya: baada ya nukta nne za kuchomelea, pima kutoka kila upande wa bomba hadi ukingo wa bamba, juu na chini, tofauti ya pande mbili isizidi milimita 16. Tofauti ya pande ni mara mbili ya e, kwa hiyo 16 ni e ya milimita 8, na zile 4 na nusu zilizobaki hadi 12.6 nimemwachia bomba na upindaji wake.